Damu ni Zamu: Kaulimbiu na Hashtagi ya Uchangiaji Damu katika Skuli za Sekondari

(Maandishi kamili ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, walimu, masheha na wananchi)





Mazungumzo haya yanahusu maneno machache sana. Yanahusu kaulimbiu moja, pamoja na hashtagi yake, yaani yale maneno yanayoandikwa kwa kuunganishwa na kutanguliwa na alama ya reli katika mitandao ya simu. Huenda ikadhaniwa kwamba maneno ya bango ni pambo tu, na kwamba kazi yenyewe ni ya wauguzi na mifuko yao. Sivyo. Katika uchangiaji wa damu skuli, maneno yaliyochaguliwa vibaya huweza kuwaleta watu wasiotakiwa kuja, kuwafedhehesha waliokuja kwa nia njema, na kuijaza benki ya damu mwezi mmoja na kuiacha tupu mwezi unaofuata.

Kabla ya kuchagua maneno, ni lazima ifahamike ni nani anayezungumziwa. Kwa masharti yanayotumika Tanzania, mchangiaji damu awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na kiwango cha himoglobini kisichopungua gramu 12.5 kwa kila desilita ya damu. Mwanamme huruhusiwa kuchangia tena baada ya miezi 3, na mwanamke baada ya miezi 4, kwa kuwa mwanamke hupoteza madini ya chuma kila mwezi katika siku zake na huhitaji muda zaidi wa kuyarejesha. Kiasi kinachotolewa kwa kawaida ni mililita 450.

Masharti hayo yakipelekwa katika skuli ya sekondari, yanaonesha jambo ambalo waandishi wengi wa mabango hulisahau. Wanafunzi walio wengi, kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu, hawajatimiza miaka 18. Wanaoruhusiwa kwa umri hupatikana zaidi katika Kidato cha Tano na cha Sita, na baadhi katika Kidato cha Nne. Nchi nyengine zina masharti yao. Afrika ya Kusini, kwa mfano, huruhusu kuanzia miaka 16. Kwa hivyo bango lililotungwa kwa ajili ya skuli za huko haliwezi kuchukuliwa na kubandikwa katika ukuta wa skuli ya Unguja au Pemba bila ya kuwadanganya waliowengi wanaolisoma.

Kaulimbiu zinazopendeza lakini zina kasoro

Ni vyema zikatazamwa kwanza kaulimbiu ambazo huja haraka akilini, na sababu ya kila moja kuachwa.

Ya kwanza ni "Kila Mwanafunzi Achangie Damu". Kasoro yake imekwisha kuonekana: haiwezekani. Tena ina sauti ya amri, na damu salama hutokana na mtu aliyekuja kwa hiari. Mwanafunzi anayesukumwa na mwalimu au na wenziwe huweza kuficha jambo katika mahojiano ya faragha, ambapo huulizwa juu ya maradhi aliyowahi kuugua, dawa anazotumia na mwenendo wake. Mahojiano hayo ndiyo ukuta wa mwanzo wa kumlinda mgonjwa. Aliyelazimishwa ana sababu ya kudanganya; aliyekuja mwenyewe hana.

Ya pili ni "Changia Damu, Ujue Afya Yako". Hii huvutia zaidi, na ndiyo yenye hatari zaidi. Ni kweli kwamba kila mfuko wa damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, pamoja na kaswende. Lakini ahadi hiyo ikiwekwa kwenye bango, humvuta hasa yule mwenye wasiwasi na nafsi yake, anayetafuta kupimwa bila ya kuonekana. Na mtu aliyeambukizwa hivi karibuni hupitia kipindi ambacho virusi vimo mwilini lakini kipimo hakijaweza kuviona. Damu yake huweza kupita. Mwenye wasiwasi aelekezwe penye huduma ya upimaji na ushauri, ambako atapewa majibu na msaada. Asielekezwe kwenye kitanda cha mchangiaji.

Ya tatu ni "Shujaa Hutoa Damu". Sifa ni nzuri, lakini hukata pande mbili. Katika kila zoezi wapo wanaokuja kwa moyo mkunjufu na wakaambiwa wasubiri: huyu uzito haujafika, yule himoglobini iko chini, mwengine yumo katika dawa. Katika skuli, wenzao huwaona wakitoka mapema bila ya bandeji mkononi. Ikiwa aliyetoa ni shujaa, aliyerudishwa ni nani? Maneno ya uvumi huanza hapo hapo. Msichana mwenye upungufu wa chuma tu huweza kusingiziwa maradhi asiyokuwa nayo, na mwaka unaofuata yeye na marafiki zake hawaji tena.

Ya nne ni "Mfuko Mmoja, Maisha Matatu". Msemo huu una ukweli mahali ambapo damu hutenganishwa katika chembe nyekundu, chembe sahani na utegili, na kila sehemu ikapewa mgonjwa wake. Mfuko ambao haukutenganishwa huenda kwa mgonjwa mmoja. Kaulimbiu ya Serikali isiahidi hesabu ambayo haitimii kwa kila mfuko.

Ya tano ni ile inayotaja idadi ya kuchangia. Chanzo chake ni cha heshima. Mwaka 1989, nchini Zimbabwe, ulianzishwa umoja wa vijana waliokuwa wakimaliza skuli, ambao waliahidi kuchangia damu mara 25. Fikra hiyo ilienea katika nchi nyingi kwa sababu iligusa tatizo halisi: kijana huchangia akiwa skuli, kisha akimaliza masomo hupotea. Lakini mtu akitaka kuandika "Mara 25 Kabla ya Miaka 25" hapa, na apige hesabu kwanza. Baina ya mara ya 1 na ya 25 ipo mipisho 24. Kijana wa kiume anayeanza siku ya kutimiza miaka 18, akichangia kila baada ya miezi 3 bila ya kukosa, humaliza baada ya miezi 72, akiwa na miaka 24. Msichana, kwa kila baada ya miezi 4, humaliza baada ya miezi 96, akiwa na miaka 26. Lengo hilo kwake halifikiki hata asipokosa siku moja. Kilichofaa kuchukuliwa kutoka Zimbabwe ni ahadi ya kurudi, na si idadi.

Kaulimbiu inayopendekezwa

Kwa mantiki hiyo, linalotakiwa ni neno litakalomfaa mwanafunzi wa miaka 14, wa miaka 19, aliyeahirishwa na aliyekwisha kuchangia, bila ya kumdanganya yeyote. Neno hilo lipo, na kila skuli hulitumia kila siku. Ni neno zamu. Yupo mwalimu wa zamu, ipo zamu ya kufagia, ipo zamu ya kupika katika dahalia. Mwenye zamu leo hajisifu, na asiye na zamu leo haoni haya, kwa sababu anajua yake itafika.

Kaulimbiu inayopendekezwa, basi, ni hii: DAMU NI ZAMU.

Aliye chini ya miaka 18, zamu yake haijafika. Aliyeambiwa asubiri, zamu yake imeahirishwa. Aliyechangia leo, zamu yake itarudi baada ya miezi 3 au 4. Na mgonjwa aliyelala wodini, kwake leo ni zamu ya kupokea. Maneno matatu yamebeba masharti yote ya utaalamu bila ya kuyataja.

Tena yamebeba jambo moja kubwa ambalo wananchi wengi hawalijui: damu huharibika. Katika mifuko ya aina inayotumika sana, damu huhifadhiwa kwenye baridi kwa siku 35 tu. Chembe sahani hukaa takriban siku 5. Zoezi kubwa likifanywa siku moja tu, tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, basi mfuko wa siku hiyo ambao haukutumika unamaliza muda wake tarehe 19 Julai. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua mwezi wa Agosti hapati chochote katika shangwe za Juni. Jamaa zake wataanza kupiga simu usiku, kumtafuta mtu wa kumtolea, hali dakika zinakwenda. Hiyo ndiyo maana ya zamu: si wingi wa siku moja, bali mfululizo wa mwaka mzima.

Mfano wa utekelezaji

Na ichukuliwe mfano wa skuli nne jirani, kwa takwimu za kufikirika. Kila skuli ina wanafunzi 600. Waliotimiza miaka 18 ni 150, na wanaojitokeza kwa hiari ni 80. Baada ya mahojiano, mizani, kipimo cha shinikizo la damu na kidole kuchomwa ili kupimwa himoglobini, wanabaki 60. Skuli zote nne zikifanya zoezi wiki moja, mifuko 240 inaingia pamoja, na baada ya siku 35 isiyotumika inateketezwa.

Zikigawana zamu, mambo hubadilika. Skuli ya kwanza huchangia Januari, Mei na Septemba. Ya pili Februari, Juni na Oktoba. Ya tatu Machi, Julai na Novemba. Ya nne Aprili, Agosti na Disemba. Kila mwezi huingia mifuko 60. Kila skuli hupumzika miezi 4, muda unaowatosha wasichana, na wavulana husubiri mwezi mmoja zaidi bila ya madhara. Gari ya huduma hutoka mara moja kwa mwezi kwa kazi yenye tija, haitoki kwa ajili ya mifuko michache.

Mpango huu una mipaka yake, na ni wajibu itajwe. Miezi ya likizo wanafunzi hawapo skuli, na ndipo akiba ya damu inapopungua, kwa kuwa wanafunzi ni sehemu kubwa ya wachangiaji wa hiari. Aidha, mwezi wa Ramadhani wenye kufunga hawawezi kuchangia mchana kama siku nyengine. Mchangiaji anatakiwa awe amekula na kunywa maji, na mwenye tumbo tupu huzirai kwa wepesi. Kwa hivyo zamu inayoangukia likizo husogezwa wiki ya mwisho kabla ya skuli kufungwa, au huhamishiwa katika shehia wanakoishi wanafunzi. Inayoangukia Ramadhani huwekwa usiku, baada ya futari, au husogezwa. Isisogezwe mbele kiasi cha kuipunguza ile miezi 4.

Hashtagi na matumizi yake

Hapa ndipo hashtagi inapopata kazi yake ya kweli. Wazo la kutumia alama ya reli kukusanya maandishi ya jambo moja lilipendekezwa na Chris Messina mwezi wa Agosti 2007, katika mtandao wa Twitter ambao tangu 2023 huitwa X. Anayegusa maneno hayo huletewa maandishi ya watu wote walioyatumia. Ni kamba ya kufungia kuni. Yenyewe si kuni.

Kamba hiyo ina kanuni zake. Maneno yaandikwe bila ya nafasi baina yake. Kistari na kipopoo huikata, na hilo ni muhimu katika Kiswahili: kaulimbiu inayoanza na neno "Ng'ara" ingeishia kwenye herufi mbili za mwanzo, #Ng, na yaliyobaki yangeachwa nje. Namba peke yake haifai. Katika X, alama ya reli yenye tarakimu tupu haifanyi kazi. Herufi kubwa na ndogo hazibadilishi matokeo ya utafutaji, lakini humsaidia msomaji kuona neno linapoanza.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyoamua baina ya kaulimbiu mbili zilizokaribiana. "Damu kwa Zamu" nayo ina maana nzuri. Lakini wengi huandika kwa herufi ndogo tupu, na hapo husomeka hivi: #damukwazamu. Jicho hukutana na neno "kwaza" katikati, na kukwaza ni kinyume cha linalokusudiwa. Ikiandikwa #damunizamu, hakuna neno baya linalojitokeza. Hivyo basi, hashtagi ni #DamuNiZamu, na kwenye mabango iandikwe kwa herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno.

Kabla ya kupigwa chapa, itafutwe katika kila mtandao utakaotumika ili ijulikane kama wapo wengine wanaoitumia kwa jambo jengine. Maneno ya jumla kama #ChangiaDamu hutumiwa na wengi, na tangazo la skuli moja huzama humo kama chumvi baharini. Neno #Damu peke yake huleta picha za ajali na mauaji.

Vilevile isisahauliwe kwamba kwa kawaida mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu skuli. Siku za masomo, kaulimbiu hufanya kazi kwa mdomo na kwa chaki: katika mkusanyiko wa asubuhi, ubaoni, na kwenye kadi. Hashtagi hufanya kazi likizo na baada ya mwanafunzi kumaliza masomo, yaani wakati uleule ambao wachangiaji hupotea. Ndiyo maana tangazo lake lazima liwe na siku, saa na mahali. Mfano wa tangazo linalofaa ni huu:

"Waliochangia Aprili, zamu yenu imerudi. Jumamosi, saa 2:00 asubuhi, ofisi ya sheha. Kula kwanza, kunywa maji. #DamuNiZamu"

Tangazo lenye picha nzuri na hashtagi, lakini halina siku wala mahali, humfurahisha msomaji na kumwacha kitini kwake.

Kadi na faragha

Kaulimbiu iambatane na kadi ndogo ya zamu, ya rangi moja kwa wote. Yenye umri chini ya 18 huandikwa mwezi na mwaka wa kutimiza umri. Ya aliyechangia huandikwa tarehe ya kurudi. Ya aliyeahirishwa nayo huandikwa tarehe ya kurudi, bila ya sababu. Kila anayetoka katika chumba cha huduma hutoka na kadi iliyokunjwa, na hakuna anayeweza kujua, kwa kuiangalia mkononi, ni nani aliyetoa na nani aliyesubirishwa. Yule ambaye haitafaa achangie tena huelezwa kwa faragha na mtaalamu, wala hapewi habari hiyo mbele ya foleni.

Kwa sababu hiyo hiyo, picha zisipigwe penye mahojiano na vipimo, na isiombwe kwamba kila mwanafunzi ajipige picha na kuituma kwa hashtagi. Ombi hilo huonekana dogo, lakini humlazimisha asiyetoa kujieleza. Atakayetaka kuonesha kadi yake, na aioneshe upande wa mbele, wenye kaulimbiu. Picha za sindano na mfuko uliojaa pia ziepukwe. Vijana wanaochangia kwa mara ya kwanza ndio wanaozirai zaidi, na khofu ni moja ya sababu. Akianguka mmoja mbele ya wenziwe, foleni nzima hutetereka. Picha ya kijana amekaa kivulini, anakunywa sharubati baada ya kuchangia, inaeleza zaidi na haitishi.

Kipimo cha mafanikio

Mwisho, ni lazima ijulikane vipi kaulimbiu itahukumiwa. Isihukumiwe kwa idadi ya waliobonyeza alama ya kupenda. Yahesabiwe mambo matatu, kila baada ya zamu. La kwanza ni mifuko iliyokubalika baada ya vipimo vya maabara. La pili ni wangapi kati ya waliochangia zamu iliyopita wamerudi. La tatu ni wangapi kati ya waliokuwa chini ya umri, ambao kadi zao zimefika mwezi wake, wamejitokeza.

Ikiwa mifuko inayokataliwa maabara inaongezeka, dalili yake ni kwamba watu wanakuja kutafuta vipimo au wanashurutishwa, na maneno yanayosemwa skuli yachunguzwe. Ikiwa wanaorudi ni wachache, kadi au matangazo ya likizo hayawafikii. Na ikiwa waliotimiza umri hawaonekani, basi kaulimbiu imekaririwa tu, haikuaminiwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayepewa kadi leo hatoi hata tone moja. Anarudi nyumbani na karatasi yenye mwezi na mwaka wake. Siku hiyo ikifika, huenda amekwisha kumaliza skuli, yuko dukani, shambani au chuoni. Akiikumbuka na kufika, mgonjwa atakayekuwa wodini usiku huo hataachwa asubiri jamaa zake wapige simu.